Kabla ya Kumwita Mwanafunzi Ofisini
Hotuba kwa mkutano wa idara wakati wa kuwasilisha rasimu ya sera ya matumizi ya programu za kubaini maandishi ya akili unde

Ndugu Mkuu wa Idara, wahadhiri wenzangu, wahadhiri wasaidizi, na ninyi wawakilishi wa madarasa mliofika ingawa wiki hii ni ya majaribio, habari za asubuhi.

Rasimu mnayo mezani, kurasa nne. Sitaisoma kifungu kwa kifungu, maana kila mmoja wetu anajua kusoma. Nataka kuwaeleza kwa nini vifungu vichache vimeandikwa jinsi vilivyoandikwa, na hasa kwa nini kifungu cha 3, chenye sentensi moja tu, kilituchukua vikao vitatu. Kinasema hivi: "Ripoti ya programu peke yake haiwezi kuanzisha shauri dhidi ya mwanafunzi." Wapo waliotaka isomeke "haiwezi kumtia hatiani". Nitaeleza kwa nini tulikataa neno hilo, na ili nieleze vizuri inabidi nianze na kosa langu mwenyewe.

Miaka michache iliyopita, nikiwa nafundisha katika chuo kingine, nilipokea insha ya mwanafunzi wa mwaka wa tatu kuhusu migogoro ya ardhi kijijini kwao. Maneno 1,800 hivi. Programu ilikuwa imeipa asilimia 64. Sikuisoma insha kwanza. Nilisoma namba, halafu nikaisoma insha nikiwa na namba ile kichwani, na kila sentensi iliyonyooka ikaonekana kwangu kama ushahidi. Nikamwita. Ofisini walikuwapo wahadhiri wengine wawili wanasahihisha mitihani, nami sikuona shida kuzungumza mbele yao. Nikamwuliza, "Hii kazi umeiandika mwenyewe?" Akasema ndiyo. Nikageuza kompyuta nikamwonyesha ile 64.

Yule binti hakubishana. Alinyamaza, machozi yakamtoka, akaomba ruhusa, akaondoka. Kesho yake alirudi na kauntabuku yenye jalada jekundu. Ndani yake ilikuwamo insha nzima kwa kalamu ya wino wa bluu, kurasa kumi na moja, na aya ya tatu ilikuwa imeandikwa mara nne: mara tatu imekatwa kwa mstari, ya nne imezungushiwa duara. Pembeni aliandika jina la kitongoji na alama ya kuuliza, kwa sababu hakuwa na hakika kama mzee aliyemhoji alitaja mwaka sahihi. Alipomaliza kuandika, aliipeleka steshenari nje ya geti la chuo, akalipa kwa ukurasa, kijana wa pale akaichapa na kumwekea kwenye flashi.

Ile 64 ilitoka wapi? Sikujua siku ile na sijui hadi leo. Programu haitoi sababu, inatoa namba na kupaka rangi baadhi ya mistari. Nilimwomba radhi, naye alipokea kwa adabu, lakini hakuniuliza swali darasani tena hadi muhula ulipokwisha. Hakuhukumiwa. Hakuna barua iliyoandikwa, hakuna kamati iliyokaa. Shauri lilikuwa limeanzishwa tu, na hilo lilitosha kumuumiza. Ndiyo maana kifungu cha 3 kinasema "kuanzisha".

Wengi wetu tulizizoea programu hizi kabla ya akili unde kuja, tulipokuwa tukitafuta wizi wa maandishi tu, kwa hiyo tuziweke wazi tofauti zake. Alama ya kufanana, ile ya zamani, inakuonyesha chanzo. Inasema aya hii inafanana na makala fulani, unabofya, unaiona makala, unalinganisha kwa macho yako. Pengine utagundua kwamba kinachofanana ni orodha ya marejeo tu, au nukuu iliyowekewa alama zake, au rasimu ya mwanafunzi huyohuyo aliyoituma mwezi uliopita ikahifadhiwa kwenye hazina, na sasa tasnifu yake inafanana na yeye mwenyewe kwa asilimia 90. Hilo la mwisho limewasumbua wanafunzi wetu wa uzamili si mara moja, na dawa yake ni ndogo: anayeweka zoezi kwenye mfumo achague rasimu zisihifadhiwe. Hata alama hiyo ikikosea, kosa linaonekana na linasahihishika.

Alama ya akili unde haina chanzo cha kubofya. Kwa lugha nyepesi, programu inajiuliza: ukishasoma maneno haya, neno linalofuata lilitabirika kiasi gani? Mashine zinazozalisha maandishi hupendelea neno linalotarajiwa, basi maandishi yanayotabirika sana hushukiwa. Programu nyingine huangalia pia kama urefu wa sentensi unapandashuka, kwa kuwa binadamu huandika sentensi ndefu kisha fupi. Sasa fikirini mwanafunzi wetu. Kiingereza ni lugha yake ya pili, na kwa wengi ni ya tatu, baada ya lugha ya nyumbani na Kiswahili. Tangu kidato cha kwanza amekaririshwa namna ya kufungua aya, namna ya kuunganisha hoja, namna ya kuhitimisha. Anatumia maneno anayoyaamini, anaogopa kukosea sarufi, sentensi zake zinalingana. Sisi wenyewe ndio tuliompa alama nzuri kwa kuandika hivyo. Programu ikimsoma inaona maandishi yanayotabirika.

Hii si nadharia. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walichukua insha 91 za mtihani wa Kiingereza wa TOEFL, zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza, wakazipitisha kwenye programu saba za wakati ule. Kwa wastani programu hizo zilidai kwamba insha zaidi ya asilimia 60 zimeandikwa na mashine. Insha 18 zilituhumiwa na programu zote saba kwa pamoja. Insha za wanafunzi wa Kimarekani wa darasa la nane, zilizopimwa kwa programu zilezile, karibu zote zilitambuliwa sawasawa. Kisha wakafanya jambo ambalo lingetufaa sote kulitafakari: walizipamba zile insha za TOEFL kwa msamiati mpana zaidi kwa kutumia ChatGPT, na tuhuma zikashuka sana. Yaani insha iliyopita mikononi mwa mashine ilionekana ya binadamu, na ile ya binadamu mtupu ilionekana ya mashine.

Niwe mkweli kuhusu mipaka ya utafiti huo. Turnitin, ambayo ndiyo wengi wetu tunaijua, haikuwamo kati ya zile saba, na programu zimebadilika tangu wakati ule. Turnitin ilipoleta kipimo chake Aprili 2023 ilisema kwamba kwenye kazi nzima kiwango cha kumtuhumu asiyehusika ni chini ya asilimia 1. Baadaye wenyewe waliongeza tahadhari: kazi isipungue maneno 300, na alama iliyo chini ya asilimia 20 wakaacha kuionyesha kama namba, wakaweka kinyota, kwa sababu hapo makosa ni mengi zaidi. Ripoti yao wenyewe inasema alama hiyo isitumiwe peke yake kumchukulia mwanafunzi hatua. Nao OpenAI, waliotengeneza ChatGPT, walitoa programu yao ya kubaini Januari 2023 na kuiondoa Julai mwaka huohuo kwa sababu usahihi wake ulikuwa mdogo. Katika majaribio yao wenyewe ilikamata asilimia 26 tu ya maandishi ya mashine, na iliwatuhumu binadamu kwa asilimia 9.

Kuna mwenzetu aliniambia kwenye kamati, "Asilimia 1 ni ndogo, dada, tusiikuze." Nikamwomba tuhesabu pamoja, na hesabu yenyewe naileta hapa. Tuseme idara inapokea insha 400 kwa muhula. Tuseme 40 zimeandikwa na mashine, na 360 ni za jasho la wanafunzi. Tuseme programu inakamata 8 katika kila 10 za mashine, yaani 32. Kama inakosea kwa asilimia 1, itawatuhumu wanafunzi wanne hivi kati ya wale 360. Jumla zimewekewa alama 36, na nne kati yake si za mashine. Yaani ukichukua rundo la "wahalifu" tisa, mmoja wao hajafanya kitu. Sasa tuseme kwa Kiingereza cha wanafunzi wetu programu inakosea kwa asilimia 5, jambo ambalo si la ajabu ukikumbuka zile insha za TOEFL. Asiyehusika anayetuhumiwa si mmoja wa tisa tena. Ni 18 kati ya 50, zaidi ya mmoja katika kila watatu. Mwenzetu alinyamaza, kisha akasema tuandike.

Chuo Kikuu cha Vanderbilt, Marekani, kilifanya hesabu ya namna hiyo Agosti 2023: kazi 75,000 walizopitisha Turnitin mwaka 2022, zikikosewa kwa asilimia 1, ni kazi 750. Wakakizima kipimo hicho. Kamati yetu haikupendekeza tuzime. Tuligawanyika, na walio wengi walitaka programu ibaki kama sababu ya kusoma kazi kwa makini zaidi, ila kwa masharti.

Sharti la kwanza ni kifungu cha 2: kabla ya muhula programu ipimwe kwa kazi zetu wenyewe. ChatGPT ilifunguliwa kwa umma tarehe 30 Novemba 2022. Kabati la idara limejaa insha za miaka ya kabla ya hapo, ambazo hazingeweza kuandikwa nayo. Tunapendekeza zichaguliwe 60 bila upendeleo, wenye nazo waliopatikana waombwe idhini, majina na namba za usajili viondolewe, zipitishwe. Kila itakayotuhumiwa ni kosa la programu, hakuna ubishi. Zikituhumiwa tatu, hiyo ni asilimia 5 na tunaijua hesabu yake. Isipotuhumiwa hata moja, tusishangilie, kwa sababu kwa insha 60 tu kosa la kweli bado linaweza kufika asilimia 5 bila sisi kuliona. Matokeo, mazuri au mabaya, yabandikwe kwenye ubao wa matangazo ambapo wanafunzi watayasoma. Na kazi zilizoandikwa kwa Kiswahili zisipitishwe kabisa kwenye kipimo kilichojengwa na kujaribiwa kwa Kiingereza.

Sharti jingine lilileta joto kwenye kamati. Hakuna mhadhiri atakayebandika kazi ya mwanafunzi kwenye tovuti za bure za kubaini, wala kuiuliza ChatGPT kama ndiyo iliyoiandika. Najua wapo wanaofanya hivyo kwa nia njema. Mei 2023, huko Texas, mhadhiri mmoja aliiuliza ChatGPT hivyo kuhusu kazi za wanafunzi wake, ikajibu kwamba ndiyo iliyoandika, na darasa zima karibu wakose matokeo siku za mahafali yao. Chombo kile hakina kumbukumbu ya kila kilichowahi kuandika. Kinajibu kwa sababu kimeulizwa. Zaidi ya hayo, kazi ya mwanafunzi ina jina lake, pengine na taarifa za watu aliowahoji, na tangu Mei 2023 tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayotumika nchini. Kuzirusha taarifa hizo kwenye tovuti ambayo mwenyewe hatumjui ni kosa letu, si la mwanafunzi.

Sasa nije kwenye hatua zenyewe. Njia rahisi ni kuirudisha insha ya yule binti na kuipitisha kwenye rasimu hii, tuone ingefika wapi.

Insha inaingia. Kwa kifungu cha 4, msahihishaji anaisoma na kuipa maksi kwanza, ndipo anafungua alama ya programu. Mfumo unaruhusu kuificha, na kwa hapo tu mimi nisingesoma kwa jicho lile la 64. Kisha naifungua naiona. Siruhusiwi bado kumwambia mtu. Ninatakiwa kujaza nusu ukurasa kwa maneno yangu: ukiacha alama, kuna nini katika kazi hii? Rasimu inataja mambo ambayo mtu anaweza kuyahakikisha. Marejeo yasiyokuwapo ndiyo ya kwanza, kwa sababu mashine hubuni vitabu na makala: jina la mwandishi lipo, jarida lipo, makala haipo. Unakwenda maktaba au mtandaoni, unatafuta, dakika kumi umepata jibu. La pili ni maudhui yasiyolingana na swali au na kozi, kama data za nchi nyingine kabisa. La tatu ni kazi kuwa mbali mno na alichoandika mwanafunzi huyohuyo kwenye jaribio la darasani, ingawa hili tumelipa uzito mdogo, maana mtu akikaa na kamusi wiki mbili nyumbani haandiki kama aliyebanwa na saa moja.

Kwa insha ile ningeandika nini? Marejeo saba, yote yapo. Maudhui ya kijiji chake, na mahojiano na mzee mmoja. Jaribio lake la darasani lilikuwa la kawaida. Nusu ukurasa ungebaki mweupe. Kifungu cha 4 kinasema ukurasa ukibaki mweupe, basi. Hakuna kuitwa, hakuna "tuzungumze kidogo", hakuna alama ya penseli kwenye daftari la maksi. Binti angepokea maksi zake Jumatatu na asingejua kwamba kulikuwa na namba.

Tuseme hata hivyo kwamba marejeo mawili yangekuwa hayapatikani. Hapo kazi inakwenda kwa msomaji wa pili, mhadhiri asiyemfundisha, bila jina la mwanafunzi, bila alama ya programu na bila maoni yangu. Anaulizwa swali moja: je, kuna jambo linalohitaji maelezo ya mwandishi? Akisema hapana, shauri limeishia hapo na mimi sina rufaa. Baadhi yenu mmeniuliza kwa nini msahihishaji anyimwe rufaa na mwanafunzi apewe. Jibu ni kwamba msahihishaji hapotezi kitu.

Akisema ndiyo, ndipo mwanafunzi anaandikiwa barua. Barua, si simu, si ujumbe kwenye kundi la WhatsApp la darasa, si kuitwa mbele ya wenzake. Mfano wake uko mwisho wa rasimu. Inasema ni sentensi zipi zinahitaji maelezo na kwa nini. Inaambatanisha ripoti nzima pamoja na matokeo ya jaribio letu la zile insha 60, ili ajue programu hiyo hukosea mara ngapi. Inasema wazi kwamba hajatuhumiwa kwa kosa lolote hadi sasa. Inampa siku saba za kazi, ruhusa ya kuja na mtu mmoja, na uhuru wa kujieleza kwa Kiswahili au Kiingereza. Hilo la lugha ni kubwa kuliko linavyoonekana. Mwanafunzi anayeeleza wazo gumu kwa Kiingereza huku amekaa mbele ya wakubwa watatu ataonekana kama hajui alichoandika.

Kwenye kikao wanakaa watatu: msomaji wa pili ndiye mwenyekiti, mhadhiri mwingine, na mjumbe aliyependekezwa na wanafunzi. Msahihishaji anakuwapo kueleza, lakini haamui. Muda ni nusu saa. Maswali yahusu safari ya kazi yenyewe: ulianzia wapi, uliacha nini, hili umelipata kwa nani, kwa nini umemwamini huyu kuliko yule? Maswali ya kutaka fasili, kama ya mtihani wa mdomo, yamekatazwa, kwa sababu yanapima kumbukumbu na ujasiri.

Hapa ndipo tulipojadiliana kwa muda mrefu zaidi, yaani kuhusu vielelezo. Miongozo mingi tuliyoisoma inamtaka mwanafunzi aonyeshe historia ya matoleo ya faili, ile inayohifadhiwa na Google Docs, ikionyesha maandishi yalivyokua saa kwa saa. Kwa aliye na kompyuta yake na bando la kutosha ni kielelezo kizuri, na tunawashauri wanafunzi waandike humo wakiweza. Ila nikamkumbuka kijana wa steshenari. Kwenye flashi ya yule binti kulikuwa na faili moja lililoundwa saa kumi jioni na kukamilika saa kumi na moja na nusu, kwenye kompyuta yenye jina la duka. Mtu asiyejua angesema, "Tazama, maneno 1,800 kwa saa moja na nusu, amebandika." Mwakilishi wa mwaka wa pili, aliyekuwa mjumbe wetu, alituambia kuna wanaoandika insha nzima kwenye simu, kwenye sehemu ya ujumbe, kisha wanaituma kwa rafiki mwenye laptopu. Kwa hiyo kifungu cha 8 kinasema kukosekana kwa historia ya faili si dalili ya kosa. Kinataja kauntabuku, vipande vya karatasi, picha za simu, sauti za mahojiano, na risiti au maelezo ya mchapaji, vyote kwa uzito mmoja. Tena hakuna anayewajibika kuleta hata kimoja. Sisi ndio tunaosema kuna tatizo, basi sisi ndio wa kulithibitisha.

Uamuzi unaandikwa ndani ya siku tano, pamoja na sababu. Ikiwa sababu zilizoandikwa, ukifuta sentensi inayotaja alama ya programu, hazisimami zenyewe, uamuzi ni batili. Mkuu wa Idara ndiye atakayefanya zoezi hilo la kufuta, kwa kalamu, kabla ya kusaini. Shauri likionekana la kweli linakwenda kamati ya maadili ya ndaki kwa taratibu zilizopo, na mwanafunzi anaweza kukata rufaa kwa mtu ambaye hakugusa shauri hilo mahali popote. Katiba yetu, ibara ya 13(6)(a), inampa kila mtu haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu na ya kukata rufani pale chombo kinapoamua haki zake, na haikusema isipokuwa wanafunzi. Lisipothibitika, karatasi zote zinateketezwa na anapewa barua ya kusema hivyo. Tuliongeza barua hiyo kwa ombi la wanafunzi. Walisema ukinyamaziwa tu, unakaa miaka ukidhani bado unachunguzwa.

Najua swali lililo midomoni mwa baadhi yenu: je, wadanganyifu hawatapona kwa mlolongo huu? Watapona baadhi. Anayetumia mashine kwa uangalifu, akakagua marejeo, akabadili maneno, programu haimkamati hata leo, na sera hii nayo haitamkamata. Huyo dawa yake iko kwenye aina ya zoezi tunalotoa: swali lililofungwa kwenye data aliyoikusanya mwenyewe, rasimu mbili badala ya moja, dakika tano za kueleza kazi kwa kila mwanafunzi bila kuchagua mshukiwa. Kiambatisho cha pili kina mifano minne kutoka kozi zetu. Kwa madarasa ya watu 200 dakika tano hizo haziwezekani, nakubali, na hapo tumependekeza kazi iandikwe darasani.

Yamebaki mambo mawili ambayo kamati haikuafikiana, nami nayaleta kwenu. La kwanza ni kama mwanafunzi aruhusiwe kurekodi kikao kwa simu yake. Wajumbe wa wanafunzi wanataka, wahadhiri wawili wanapinga, na mimi naunga mkono wanafunzi, mradi nakala moja ibaki idarani. La pili ni kifungu cha 7, mstari wa nne. Pale palipoandikwa kwamba matokeo ya mwanafunzi hayatazuiliwa kwa zaidi ya siku ngapi, mtaona nafasi tupu. Kuna aliyesema 14, kuna aliyesema 30. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu akizuiliwa siku 30 mwezi wa saba, orodha ya wahitimu inafungwa bila jina lake na anasubiri mwaka mzima kwa shauri ambalo pengine halipo. Naomba nafasi hiyo tuijaze hapahapa, kabla hatujaenda kwenye chai.